Panix, Septemba 1996: Seva Iliyongoja Pakiti ya Tatu

Jioni ya Ijumaa, tarehe 6 Septemba 1996, seva za Panix, kampuni kongwe ya huduma za intaneti mjini New York, zilianza kuwa kama hazipo. Mashine zilikuwa zimewaka, programu za barua pepe zilikuwa zinaendelea kufanya kazi, na njia ya mtandao iliyoziunganisha na dunia haikuwa imejaa. Hata hivyo, mtu aliyejaribu kufikisha barua kwenye seva hizo alingoja hadi mashine yake ikakata tamaa yenyewe. Shambulio halikuishia kwenye barua pepe. Liligusa pia seva za wavuti, seva za majina na mashine ambazo wateja waliingilia kufanya kazi zao, na liliendelea kwa siku kadhaa huku mafundi wakiwa wanajua kabisa kinachotokea na bado wakiwa hawana dawa ya uhakika.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu hakuna kosa la programu lililotumiwa. Mshambuliaji hakuingia kwenye mashine yoyote ya Panix, hakubahatisha nywila, na hakutuma pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, iliyovunjwa umbo ili kuangusha mfumo. Alituma pakiti halali za kuomba muunganisho, kisha hakuendelea. Seva zilifanya sawasawa na zilivyoelekezwa na itifaki ya TCP, yaani kanuni ambazo mashine mbili hufuata kuunganishwa na kupeana data, na kule kutii ndiko kulikozimaliza. Ili kuelewa jambo hilo ni lazima kwanza tuangalie kwa makini namna muunganisho wa TCP unavyoanza, na hasa tuulize swali moja ambalo nitalirudia: kati ya pande mbili, ni nani anayelazimika kukumbuka, na anaanza kukumbuka lini?

Nambari mbili, pakiti tatu

TCP hubeba data kama mfululizo wa baiti, na kila baiti ina nambari yake ya mfuatano. Nambari hizo ndizo zinazomwezesha mpokeaji kupanga upya pakiti zilizofika bila utaratibu, kugundua iliyopotea njiani na kuitupa iliyofika mara mbili. Kila upande una mfululizo wake, na kila upande huchagua nambari ya kuanzia kwa muunganisho husika. Salamu ya mwanzo ina kazi ya kuzifikisha nambari hizo mbili, na kuhakikisha kwamba kila upande umepata uthibitisho kuwa nambari yake imefika.

Tuchukue seva ya barua pepe inayosikiliza kwenye poti 25. Mashine ya mteja inatuma pakiti yenye biti ya SYN, alama ya kuomba muunganisho, ikiwa imewashwa, pamoja na nambari yake ya kuanzia, tuseme 1000. Seva inajibu kwa pakiti moja inayofanya kazi mbili: inatangaza nambari yake yenyewe, tuseme 5000, na inathibitisha ile ya mteja kwa kuandika 1001, maana SYN huhesabiwa kama nafasi moja katika mfululizo na kwa hiyo baiti inayongojwa sasa ni ya 1001. Mteja anamalizia kwa ACK, yaani pakiti ya uthibitisho, yenye 5001, na hapo muunganisho umekamilika.

```
mteja -> seva    SYN        seq=1000
seva  -> mteja   SYN,ACK    seq=5000  ack=1001
mteja -> seva    ACK        seq=1001  ack=5001
```

Mtu anaweza kuuliza kwa nini pakiti mbili zisitoshe. Mteja ameomba, seva imekubali. Ya tatu ni ya nini? Jibu limo katika tabia ya mtandao wenyewe, ambao unaweza kuchelewesha pakiti na kuileta wakati mwenyewe hana haja nayo tena. Tuseme SYN ya zamani, iliyokwama kwenye ruta fulani, inafika kwenye seva baada ya mteja kuwa ameshaacha shauri hilo. Kama pakiti mbili zingetosha, seva ingejiona tayari imeunganishwa na mtu ambaye hana habari nayo. Kwa utaratibu wa hatua tatu, seva inatuma SYN na ACK yake, mteja anaona kwamba inathibitisha kitu ambacho hakukiomba, na anairudishia pakiti ya RST inayoiambia ifute kila kitu. Utaratibu huu uliandikwa na Ray Tomlinson katikati ya miaka ya 1970, ukaingizwa katika maelezo rasmi ya TCP, RFC 793, yaliyotolewa Septemba 1981.

Tuzingatie kile hasa ambacho pakiti ya tatu inakithibitisha. Nambari 5000 ilitoka kwenye seva na kuelekezwa kwa anwani ya IP iliyoandikwa kwenye SYN kama anwani ya mtumaji. Anayeweza kurudisha 5001 bila kubahatisha ni yule aliyeipokea pakiti hiyo. Kabla ya hatua ya tatu, seva haina ushahidi wowote kwamba aliyetuma SYN yuko mahali anapodai kuwa, kwa sababu anwani ya mtumaji katika pakiti ya IP huandikwa na mtumaji mwenyewe, naye anaweza kuandika anachotaka. Wabunifu wa TCP walikuwa wanapambana na pakiti zilizochelewa, si na watu wanaodanganya, na kwa tatizo lao ufumbuzi huu ulitosha kabisa.

Kumbukumbu inayotengwa kabla ya ushahidi

Sasa turudi kwenye swali letu. Katika utaratibu wa kawaida, seva inaanza kukumbuka mara tu inapopokea SYN. Inahifadhi anwani na poti za pande zote mbili, nambari ya kuanzia ya mteja, nambari ambayo yenyewe imeichagua, na matakwa ambayo mteja ameyataja katika SYN, kwa mfano ukubwa wa juu wa kipande cha data anachoweza kupokea. Pia inaanzisha kipima muda, kwa sababu pakiti yake ya SYN na ACK inaweza kupotea na ni wajibu wake kuituma tena. Hali hii, ambapo muunganisho umeanza lakini haujakamilika, huitwa SYN-RECEIVED, na kwenye skrini za Linux huonekana kama `SYN-RECV`.

Miunganisho nusu ya namna hii hukaa kwenye foleni, na foleni ina kikomo. Katika mifumo ya Unix iliyotokana na BSD, programu iliyosikiliza kwenye poti ilitaja urefu wa foleni kwa wito wa `listen`, na thamani ya juu iliyokubaliwa kwa desturi ilikuwa 5. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, iliongeza kidogo juu ya hapo, kwa kuzidisha kwa tatu na kugawa kwa mbili, hivyo kwa vitendo nafasi zilikuwa nane. Muunganisho nusu ambao haukujibiwa ulishikilia nafasi yake kwa takribani sekunde 75 kabla ya kufutwa. Foleni ikijaa, SYN inayofuata inatupwa kimya kimya, hata kama imetoka kwa mteja wa kweli.

Nafasi nane zinaonekana chache mno, lakini kwa matumizi ya kawaida zilitosha. Mteja mwaminifu hurudisha ACK ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo nafasi moja iliweza kuhudumia watu wengi kwa dakika. Kikomo hicho kilipangwa kwa dhana kwamba karibu kila anayeanza atamaliza, na dhana hiyo haikuandikwa popote wala haikulindwa na chochote.

Hali ya seva iliyoshambuliwa ni kama ya karani wa basi anayemwekea kiti kila anayepiga simu, bila malipo na bila kuuliza namba ya kumpata, kwa sharti la kungoja saa nzima kabla ya kukiachia. Watu wachache wasio na nia ya kusafiri wanaweza kufanya basi liondoke tupu, na abiria wenye nauli mkononi wakarudishwa kwa sababu daftari limejaa. Injini ya basi ni nzima na barabara ni nyeupe. Ndivyo ilivyokuwa kwa Panix: kichakataji hakikuwa kimelemewa na njia ya mtandao haikuwa imezibwa, bali daftari la kerneli ndilo lililojaa.

Hesabu ya shambulio

Tukifanya hesabu tunaona jinsi mzigo wa pande mbili ulivyotofautiana. Foleni ya nafasi nane, yenye muda wa sekunde 75, inaweza kuwekwa katika hali ya kujaa kwa pakiti nane kila sekunde 75, yaani pakiti moja kila sekunde tisa hivi. Maelezo yaliyotolewa wakati wa kisa yalitaja kwamba Panix ilikuwa ikipokea takribani SYN 150 kwa sekunde. Pakiti ya SYN isiyo na nyongeza yoyote ina baiti 40, yaani 20 za kichwa cha IP na 20 za kichwa cha TCP. Mia na hamsini kati ya hizo ni baiti 6,000 kwa sekunde, au biti 48,000. Laini ya T1, iliyokuwa ya kawaida kwa biashara za Marekani wakati huo, ilibeba biti 1,544,000 kwa sekunde. Kwa hiyo shambulio zima lingechukua karibu asilimia tatu ya laini moja ya aina hiyo. Mtu mwenye modemu ya simu ya biti 28,800 kwa sekunde, akiwa nyumbani kwake, angeweza kutuma karibu SYN 90 kila sekunde, ambazo ni nyingi kupita kiasi kwa kufunga poti moja.

Ukiwa fundi, jibu la kwanza linalokujia ni kurefusha foleni na kufupisha muda wa kungoja, na hatua hizo zilijaribiwa kweli. Lakini hesabu inabaki ile ile. Ili seva ihimili SYN 150 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 75, inahitaji nafasi zaidi ya 11,250, na nafasi hizo ni kumbukumbu halisi ya kerneli katika mashine za mwaka 1996. Ukishusha muda hadi sekunde kumi, unahitaji 1,500, lakini umeanza kuwakata wateja wa kweli walio kwenye laini za polepole, ambao pakiti yao ya tatu inachelewa au imepotea mara moja na inahitaji kutumwa upya. Na mshambuliaji akiongeza mwendo mara kumi, jambo lisilomgharimu kitu, unarudi ulipoanzia. Upande mmoja unalipa kumbukumbu na muda kwa kila pakiti, na mwingine hahifadhi chochote baada ya kuituma.

Kulikuwa na sharti moja ambalo mshambuliaji alipaswa kulitimiza. Kama angeandika kwenye SYN anwani ya mashine iliyopo na inayofanya kazi, mashine hiyo ingepokea SYN na ACK kutoka Panix, ingeona haikuomba kitu, na ingerudisha RST kama nilivyoeleza hapo juu. RST hiyo ingeifungua nafasi kwenye foleni papo hapo, na shambulio lingejiharibu lenyewe. Kwa hiyo anwani za kughushi zilipaswa kuwa za mashine zisizojibu kabisa. Mwaka 1996 hilo halikuwa gumu, kwa kuwa sehemu kubwa ya anwani za IP haikuwa na mashine nyuma yake, na hata anwani iliyochaguliwa ovyo ilikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa tupu. Mimi huona sehemu hii kuwa ndiyo inayofundisha zaidi katika kisa chote, kwa sababu inaonyesha kwamba ulinzi wa zamani dhidi ya pakiti zilizochelewa ulikuwapo na ulifanya kazi, ila ulitegemea kuwapo kwa mtu upande wa pili wa kusema hapana.

Kughushi huko ndiko pia kulikowazuia Panix kuweka kichujio. Kila pakiti ilikuwa na anwani tofauti, na hakuna anwani kati ya hizo iliyokuwa ya mshambuliaji. Kumtafuta kulihitaji kufuata pakiti kinyumenyume, ruta moja baada ya nyingine, kupitia mitandao ya makampuni mengine, huku kila moja ikiombwa iangalie pakiti zinaingilia mlango gani, na kazi hiyo ilipaswa kufanyika wakati shambulio bado linaendelea.

Udhaifu wenyewe haukuwa siri. Wataalamu wa usalama walikuwa wameutambua miaka kabla, na kiangazi cha 1996 majarida mawili ya wadukuzi yalichapisha msimbo wa kuutumia. Tarehe 19 Septemba 1996, kituo cha uratibu cha CERT, kinachoshughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, kilitoa tahadhari yake ya CA-1996-21, ambayo ilisema wazi kwamba kwa teknolojia ya IP iliyokuwapo hakukuwa bado na ufumbuzi uliokubalika kwa jumla. Ilichoweza kushauri ni kwamba kila mtandao uweke kwenye ruta zake vichujio vya kuzuia pakiti zinazotoka ndani zikiwa na anwani ambazo si za mtandao huo. Ushauri huo uliandikwa rasmi katika RFC 2267 ya Januari 1998, na kisha RFC 2827 ya Mei 2000. Ni ushauri sahihi, lakini una udhaifu wa kimsingi: anayebeba gharama ya kuweka kichujio ni mtandao anakotoka mshambuliaji, na anayenufaika ni mtu mwingine kabisa aliye mbali. Panix isingeweza kujilinda kwa kuweka kichujio hicho kwake yenyewe.

Kurudisha kumbukumbu kwa mteja

Ufumbuzi uliogusa kiini ulipatikana mwezi huo huo. Septemba 1996, Daniel J. Bernstein, akijadiliana na Eric Schenk, alipendekeza kinachoitwa kuki za SYN. Mwezi uliofuata Jeff Weisberg alitoa toleo la SunOS, na mwanzoni mwa 1997 Schenk akatoa la Linux. Wazo la kuki hizo ni jibu la moja kwa moja kwa swali letu: seva isikumbuke chochote hadi pakiti ya tatu ifike.

Linawezekanaje jambo hilo, ikiwa seva inahitaji taarifa zilizokuja na SYN? Tuangalie tena pakiti ya tatu. Ndani yake mna anwani na poti za pande zote, kama ilivyo katika kila pakiti. Mna nambari ya mfuatano ya mteja, 1001, na ukitoa moja unapata nambari yake ya kuanzia. Na mna 5001, ambayo ukitoa moja unapata nambari ya kuanzia ya seva yenyewe. Karibu kila kitu ambacho seva ilikuwa ikikihifadhi kwenye foleni kinarudi kwake bila kukiomba. Kilichobaki ni mawili: seva ijue kwamba kweli ni yenyewe iliyotoa nambari hiyo, na ijue mteja alitaja ukubwa gani wa kipande cha data. Itifaki inaiachia seva uhuru wa kuchagua nambari yake ya kuanzia, ambayo ina biti 32, na Bernstein akaona kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuandikwa ndani ya nambari hiyo.

Katika mpangilio wa awali, biti tano za juu hubeba saa inayoongezeka kwa moja kila sekunde 64 na kuanza upya baada ya 32. Biti tatu zinazofuata huchagua mojawapo ya thamani nane za ukubwa wa kipande. Biti 24 zilizobaki ni matokeo ya hesabu ya siri, inayochanganya anwani na poti za pande zote, ile saa, na ufunguo ambao seva pekee inaujua. Tuseme saa inasoma 13, chaguo la ukubwa ni la 3, na hesabu ya siri imetoa 4a91c7 katika tarakimu za msingi wa kumi na sita. Biti za 13 zikifuatwa na za 3 zinafanya 6b, na nambari nzima inakuwa hii:

```
saa 13        ukubwa 3    hesabu ya siri
01101         011         0100 1010 1001 0001 1100 0111
seq ya seva = 0x6b4a91c7
ack ya mteja = 0x6b4a91c8
```

Seva inatuma SYN na ACK yenye nambari hiyo, kisha inasahau. Hakuna nafasi kwenye foleni, hakuna kipima muda. Pakiti ya tatu ikifika, seva inatoa moja, inasoma saa na kuona kama bado ni ya karibuni, inarudia hesabu ya siri kwa anwani na poti zilizomo kwenye pakiti, na kulinganisha. Zikilingana, inasoma chaguo la ukubwa na kuunda muunganisho uliokamilika kana kwamba ulikuwa kwenye foleni tangu mwanzo. Zisipolingana, inaikataa. Anayetumia anwani ya kughushi hapokei SYN na ACK, kwa hiyo inambidi abahatishe biti 24, ambazo zina uwezekano 16,777,216, na saa inaendelea kusonga wakati anabahatisha.

Mteja haoni tofauti yoyote, wala hahitaji kubadilishwa. Ni nadra kwa kasoro ya itifaki iliyokwisha kusambaa duniani kote kurekebishwa upande mmoja tu bila kuugusa mwingine, na hapa iliwezekana kwa sababu pakiti ya tatu ilikuwa imebeba ushahidi tangu mwanzo, ila hakuna aliyekuwa akiutumia hivyo.

Gharama zipo, na si za kupuuzwa. Biti tatu haziwezi kubeba matakwa yote ya kisasa, kwa hiyo matakwa kama upanuzi wa dirisha la kupokelea hupotea, isipokuwa pale mteja anapotumia mihuri ya wakati ya TCP, ambayo Linux huitumia kuficha sehemu ya taarifa hizo. Gharama ya pili ni ya ndani zaidi. Seva iliyosahau haiwezi kutuma tena SYN na ACK iliyopotea, kwa sababu haijui kama iliwahi kuituma. Kwa wavuti madhara ni madogo, maana mteja ndiye anayeanza kuzungumza, na pakiti yake ya kwanza ya data hubeba ACK ile ile inayohitajika. Katika barua pepe, hata hivyo, seva ndiyo inayoanza kwa kutuma salamu yake yenye namba 220, na mteja ananyamaza akingoja. Ikiwa pakiti ya tatu imepotea, mteja anaamini ameunganishwa na seva haijui kwamba yupo, kila mmoja akimngoja mwenzake hadi mteja achoke. Huduma iliyoumizwa kwanza kule Panix ndiyo ambayo kuki haziifai kikamilifu. Kwa sababu hiyo Linux, katika mpangilio wake wa kawaida, hutumia foleni kwanza na hugeukia kuki pale tu foleni inapojaa.

Kuitambua hali hiyo kwenye seva ya leo

Kwenye Linux, hatua ya kwanza ni kuangalia miunganisho nusu iliyopo na kaunta za kuki.

```
ss -nt state syn-recv
nstat -az TcpExtSyncookiesSent TcpExtSyncookiesRecv
sysctl net.ipv4.tcp_syncookies
```

Orodha ndefu ya `SYN-RECV` kutoka anwani zilizotawanyika bila mpangilio ni dalili, lakini haitoshi kuwa hukumu. Kerneli inaweza kuandika kwenye kumbukumbu zake ujumbe wenye maneno `Possible SYN flooding on port`, na wasimamizi wengi hushtuka wakauchukua kama uthibitisho wa shambulio, ilhali ujumbe huo huo hutokea pale wateja wa kweli wanapomiminika kwa wingi kwenye programu iliyoomba foleni fupi. Kinachotofautisha ni kama pakiti ya tatu inarudi. Soma kaunta mbili hizo, ngoja kidogo, kisha zisome tena. Kama `SyncookiesSent` na `SyncookiesRecv` zinapanda kwa pamoja, wanaoomba wanamalizia salamu. Ni watu wa kweli, na tatizo lako ni foleni fupi au programu inayochelewa kuwapokea. Kama ya kwanza inapanda kwa maelfu na ya pili imesimama karibu pale pale, SYN zinatoka kwenye anwani ambazo hakuna anayesikiliza, na hiyo ndiyo hali ya Panix.

Muda ambao nafasi inashikiliwa nao unaweza kuhesabiwa. Linux hutuma tena SYN na ACK mara tano kwa kawaida, ikianza baada ya sekunde moja na kuongeza muda wa kungoja maradufu kila mara, yaani kwenye sekunde ya 1, 3, 7, 15 na 31, kisha hukata tamaa kwenye sekunde ya 63. Kwa hiyo foleni ya nafasi 4,096 ingejazwa na SYN 65 hivi kwa sekunde. Kupunguza `net.ipv4.tcp_synack_retries` hadi mbili kunashusha muda huo hadi sekunde saba na kupandisha mwendo unaohitajika hadi karibu 585 kwa sekunde, jambo linalosaidia dhidi ya shambulio dogo pasipo kuwaumiza sana wateja walio kwenye mtandao mzuri. Hata hivyo, `net.ipv4.tcp_syncookies` iachwe ikiwa 1. Kuizima kwa sababu mtu amesoma kwamba inapoteza matakwa ya TCP ni kosa, kwa kuwa upotevu huo hutokea wakati ambao bila kuki muunganisho usingepatikana kabisa.

Kuki zinalinda foleni, na haziwezi kulinda kitu kingine. Kila SYN bado inapaswa kupokelewa na kadi ya mtandao, kupita kwenye kerneli, kufanyiwa hesabu ya siri na kujibiwa, na kila moja bado inachukua sehemu ya laini. Shambulio la SYN milioni moja kwa sekunde, kwa baiti 40 kila moja, ni biti milioni 320 kwa sekunde kabla ya kuhesabu vichwa vya Ethaneti, na hilo linaziba laini ya biti milioni 100 hata kama seva iliyo nyuma yake haihifadhi chochote. Ukiangalia kwa `ss` ukakuta foleni haijajaa na kaunta za kuki zimetulia, lakini wateja hawafiki, usiendelee kurekebisha kerneli. Pima ujazo wa laini kwenye ruta ya mpakani, na kama imejaa, piga simu kwa anayekuuzia laini hiyo azuie pakiti hizo upande wake, kwa sababu zikishafika kwako zimekwisha kuchukua nafasi ya wengine.